Uzi: Programu ya kukusanyia mtihani iligoma dakika 19 kabla ya muda. Hivi ndivyo mwanafunzi alivyoikwamua

Mwambao_Tech (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kisa hiki ni cha mwanafunzi wa mwaka wa 2 anayekaa hosteli za Mabibo. Ameniruhusu nikieleze bila kumtaja yeye wala chuo. Nakieleza kwa urefu kwa sababu hitilafu yenyewe ina sura ya tatizo la mtandao wakati mtandao hauna kosa, na nina hakika kuna wengi waliwahi kupoteza mtihani kwa sababu hiyohiyo wakalaumu laini zao.

Ulikuwa mtihani wa kufanyia nyumbani, somo la hesabu. Ulifunguliwa saa 3 asubuhi, mwisho saa 12 kamili jioni. Majibu yanaandikwa kwa mkono, unayapiga picha kwa programu ya kuskani, unayaunganisha kuwa PDF moja, kisha unakusanya kupitia programu ya chuo iliyo kwenye simu. Yeye alikuwa na kurasa 11. Simu yake inapiga picha kubwa, kila ukurasa kama MB 3.5, hivyo faili lote likawa MB 38.5.

Saa 11:41 jioni akabonyeza kitufe cha kukusanya. Ule mstari unaojaa ukafika asilimia 10, ukasimama, yakatokea maneno mawili tu: `Network Error`. Akarudia saa 11:43. Asilimia 10 tena, maneno yaleyale.

Wenzake chumbani wakaanza kumpa ushauri wote kwa pamoja. Mmoja akasema afute programu aipakue upya. Mwingine akasema abonyeze mfululizo, ipo itakayopita. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo kwangu ndilo lililomwokoa: aliiweka simu mezani, akachukua karatasi na kuandika vitu vinne vinavyoweza kuwa vibovu, yaani mtandao, seva ya chuo, programu yenyewe na faili. Akaamua kubadilisha kimoja kimoja, vingine vyote vibaki kama vilivyo.

Alianza na mtandao kwa sababu ndio rahisi. Saa 11:45 akazima data yake, akaunga hotspoti ya mwenzake aliye na laini ya kampuni nyingine. Safari hii mstari ulifika asilimia 24 kabla ya kufa. Mwenzake akashangilia kwamba sasa kuna nafuu. Yeye alikuwa ameangalia saa ya ukutani, akaona kwamba asilimia imebadilika lakini muda ni uleule: karibu nusu dakika kutoka kubonyeza hadi kukatika, kama mara ya pili. Mtandao mbovu haukatiki kwa muda uleule kila mara. Akapiga mstari juu ya neno mtandao.

Saa 11:47 akafungua ukurasa wa chuo kwenye brauza ya simu, akaingia kwa namba na nywila zake. Ukafunguka vizuri. Seva ipo hai na akaunti inafanya kazi. Ukurasa wa mtihani ulikuwa umeandika kwamba faili lisizidi MB 50. Lake ni 38.5, kwa hiyo kwa maandishi hayo lilipaswa kupita. Akalijaribu humohumo kwenye brauza, likakatika vilevile. Programu nayo ikaondoka kwenye orodha, likabaki faili.

Kabla hajaligusa alisoma kwanza maelezo ya mtihani. Yalisema unaweza kubadilisha faili mara nyingi utakavyo hadi ubonyeze kitufe cha mwisho cha kukabidhi. Ndipo akatoa ukurasa wa kwanza pekee ukiwa PDF ya MB 3.5, akaupakia. Ukapita bila kukatika, hali ikaandikwa rasimu. Ilikuwa saa 11:50.

Sasa alijua tatizo ni ukubwa, hata kama ukurasa unadai vingine. Hakupiga picha upya, maana picha zilikuwa bado ndani ya programu ya kuskani. Alichagua kutoa PDF upya kwa ubora wa kati, rangi ya kijivu badala ya rangi kamili. Faili likashuka hadi MB 4. Akalifungua, akakuza ukurasa wenye vipeo na vijiherufi vidogo kuhakikisha vinasomeka, akahesabu kurasa 11. Saa 11:53 akafuta ile rasimu ya ukurasa mmoja, akapakia hili. Lilichukua kama sekunde 15. Akabonyeza kukabidhi, akasubiri hali ibadilike kutoka rasimu kuwa `Submitted for grading`, akapiga picha ya skrini inayoonyesha saa. Halafu akalishusha lile faili kutoka kwenye seva na kulifungua tena kuona kwamba kilichofika ndicho alichokituma. Saa 11:56 alikuwa amemaliza.

Wanaojua seva, karibuni mwongeze. Hasa hiyo nusu dakika, nataka ielezwe vizuri.

---

Kijana_Ubungo

Mkuu, kisa kizuri ila hapo mimi naona ni mtandao tu. Saa 11 hadi saa 2 usiku hapa mjini 4G inajaa, watu wametoka kazini wote wako kwenye simu. Dawa ni kuweka simu kwenye hali ya ndege sekunde 10, kisha kutoa. Inakutafutia mnara upya na kasi inarudi. Alipohamia hotspoti si ilipanda kutoka 10 hadi 24? Angebadilisha mara moja zaidi ingepita.

---

PwaniSeva

Kijana_Ubungo, kuhusu msongamano wa jioni uko sahihi, na hali ya ndege kweli inasaidia simu inapong'ang'ania mnara wenye foleni. Lakini fanya hesabu ya kisa hiki. Asilimia 10 ya MB 38.5 ni kama MB 3.9 kwa nusu dakika, yaani megabiti 1 hivi kwa sekunde kwenda juu. Asilimia 24 ni MB 9.2 kwa muda uleule, megabiti 2.5 kwa sekunde. Kwa kasi ya kwanza faili zima lingehitaji dakika 5 na ushee, kwa ya pili dakika 2. Zote mbili ni kasi za kutosha. Mtandao ulikuwa unafanya kazi yake, ila upande wa pili kulikuwa na mtu aliyekwisha kukataa mzigo.

Sasa hiyo nusu dakika. Mifumo mingi ya vyuo ina seva ya mbele, mara nyingi nginx, inayopokea maombi na kuyapitisha kwa mfumo wenyewe ulio nyuma. Simu inapoanza kupakia, jambo la kwanza inalotuma ni kichwa cha ombi, na ndani yake umeandikwa ukubwa wa mzigo unaokuja. nginx inasoma ile namba tu. Ikizidi kikomo chake inajibu hapohapo `413 Request Entity Too Large`, kabla hata ya kuona ukurasa wa kwanza wa mtihani.

Ila haikati simu papo hapo. Kwa mpangilio wake wa kawaida inaendelea kupokea na kutupa data inayomiminika kwa sekunde 30 zisizozidi, ili mteja apate nafasi ya kusoma jibu. Mpangilio huo unaitwa `lingering_time`. Zikiisha, inafunga mlango. Programu nyingi za simu hazisomi jibu hadi zimalize kutuma. Kwa hiyo mstari unaendelea kujaa na mwanafunzi anaona kazi inakwenda, kumbe kila kinachotumwa kinamwagwa. Sekunde ya 30 mlango unafungwa, programu inaona muunganisho umekatika, inaandika `Network Error`. Haidanganyi kwa makusudi, hicho ndicho ilichokiona.

Hata brauza ina udhaifu huo. Maelezo rasmi ya nginx yenyewe yanaonya kwamba brauza hazionyeshi hitilafu ya 413 ipasavyo.

Kwa hiyo mkijaribu kupakia, tazameni saa. Mtandao mbovu hukatika mahali tofauti na kwa nyakati tofauti, na mara nyingi mstari husimama kwanza muda mrefu ndipo ukate. Kikomo cha ukubwa hukata kwa muda uleule kila mara, hata ukibadilisha laini. Faili likiwa dogo kiasi cha kumalizika kutumwa ndani ya zile sekunde 30, ndipo unaweza kubahatika kuiona 413 yenyewe.

---

BintiTemeke

Samahani wakuu, na mimi programu yangu ya chuo imegoma toka jana. Inasema muunganisho si salama, brauza nayo inaandika `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`. Faili langu ni KB 900 tu kwa hiyo nimepunguza tayari hadi KB 200 kama mlivyosema lakini bado. Nipunguze hadi ngapi?

---

PwaniSeva

Dada, lako ni tofauti, ukubwa wa faili haukuhusu. Angalia tarehe ya simu yako. Kama ilizima chaji kabisa ikawaka na tarehe ya mwaka mwingine, cheti cha usalama cha seva kitaonekana kimepitwa au hakijaanza, na simu itakataa kuunganika na tovuti nyingi, si ya chuo peke yake. Ingia mipangilio, tarehe na saa, weka ijipange yenyewe kutoka kwenye mtandao. Kama tarehe ni sahihi na tovuti nyingine zinafunguka, basi cheti cha chuo ndicho kimeisha muda, waandikie watu wa Tehama wa chuo. Usibonyeze kuendelea hivyohivyo kisha ukaandika nywila zako.

---

BintiTemeke

Ilikuwa inasoma mwaka 2019 kaka. Imefunguka. Asante sana.

---

Fundi_Kinondoni

PwaniSeva ameeleza vema. Naongeza upande wa wanaoendesha mifumo hii, maana ukurasa kusema MB 50 na seva kukataa MB 38.5 ni kosa la upande wetu, mwanafunzi hana la kulaumiwa.

Kikomo hakikai mahali pamoja. Seva ya mbele ina chake, PHP iliyo nyuma, yaani lugha inayoendesha mfumo wenyewe, ina viwili, na mfumo wa mitihani una chake kinachoandikwa kwenye ukurasa. Mwalimu akipandisha kile cha ukurasa, vingine havijui. Usipoviandika, nginx inaruhusu MB 1 tu, na PHP inaruhusu MB 2 kwa faili na MB 8 kwa ombi zima. Ili ahadi ya MB 50 iwe ya kweli, viwe hivi:

```
# nginx
client_max_body_size 60m;

# php.ini
upload_max_filesize = 50M
post_max_size = 60M
```

Hizo MB 10 za ziada ni kwa sababu ombi linabeba faili pamoja na vijisehemu vingine vya fomu, hivyo cha nje lazima kiwe kikubwa kuliko cha ndani. Baada ya hapo nginx isomeshwe upya mipangilio, na PHP vilevile, maana wengi huisahau hiyo ya pili.

Kila kizuizi kina dalili yake. Kile cha nginx ndicho kilichoelezwa hapa. Cha `post_max_size` ni kibaya zaidi kwa mwanafunzi, kwa sababu PHP inatupa data yote ya fomu na mfumo unapokea ombi tupu. Mstari unajaa hadi asilimia 100, kisha ukurasa unarudi mweupe au unakudai uingie upya kana kwamba hujatuma kitu.

Kujua kama wanafunzi wako wameumia kimyakimya, fungua logi:

```
grep "too large body" /var/log/nginx/error.log
```

Utakuta mistari inayosema `client intended to send too large body: 40370176 bytes`. Namba hiyo ukiigawa kwa 1048576 unapata MB 38.5, na pembeni kuna saa na dakika. Kwa yule mwanafunzi wa Mabibo mistari hiyo ipo kwenye seva ya chuo chake, na ingemtetea hata kama angechelewa.

---

Mwambao_Tech

Fundi, umenigusa pale penyewe. Chuo kimeangalia, na kikomo cha mbele kilikuwa MB 20. Kuna aliyewahi kukiweka zamani, ukurasa ukaja kupandishwa hadi 50 mwaka huu bila yeyote kukumbuka mlango wa mbele.

Na kwa wale wa kubonyeza mfululizo, nieleze kwa nini hakukubali. Programu nyingine haizuii kitufe, kila bonyezo linaanzisha upakiaji mpya huku wa zamani ukiendelea. Mipakio mitatu inagawana laini moja. Hata faili halali la MB 15, ambalo kwa megabiti 1 lingechukua dakika 2, sasa kila nakala inachukua dakika 6. Ukibonyeza kwa hofu zikiwa zimebaki dakika 5, umejifungia mwenyewe.

---

Mkazi_wa_Sinza

Mimi naomba ufafanuzi hapo kwenye kufuta programu. Kwa nini isiwe hatua ya kwanza? Mafundi wa simu wote wanaanzia hapo, na mara nyingi inasaidia.

---

Mwambao_Tech

Inasaidia pale programu yenyewe inapokuwa imeharibika. Lakini kwa Android, ukifuta programu unafuta na hifadhi yake ya ndani, ambayo programu nyingine haiwezi kuiona. Ikiwa majibu uliyaandika au uliyapiga picha ndani ya programu hiyohiyo, yanaondoka nayo na huyarudishi. Kufuta data kwenye mipangilio ni sawa na hilo. Kufuta kashe kuna madhara madogo, ila kuna programu zinazoweka picha zinazosubiri kutumwa humohumo kwenye kashe. Kulazimisha programu isimame hakufuti faili lolote lililokwisha kuhifadhiwa, kwa hiyo kama lazima uguseguse kitu, anzia hapo.

Na hata kama faili lako liko salama kwenye folda ya vipakuliwa, kuipakua programu upya, kuingia, na kusubiri msimbo wa uthibitisho kwa ujumbe mfupi ni dakika ambazo huna. Brauza inakupa jibu lilelile bila kuharibu chochote.

---

Mchoraji_Kigamboni

Kwa tunaochora michoro ya majengo, huko kupunguza ubora kuna mipaka. Nimeona watu wanashauri kwenye kompyuta utumie programu ya Ghostscript na mpangilio wake wa `/screen`, faili linakuwa dogo sana. Hiyo itafaa?

---

PwaniSeva

Usitumie hiyo kwa mtihani. `/screen` inashusha picha hadi nukta 72 kwa inchi. Maandishi makubwa yatasomeka, ila kipeo kidogo juu ya herufi au namba ya kipimo kwenye mchoro inakuwa ukungu, na msahihishaji hawezi kukupa alama kwa ukungu. Tumia `/ebook`, inayoshusha hadi 150:

```
gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH \
   -sOutputFile=mtihani_mdogo.pdf mtihani.pdf
```

Kwa nukta 150 karatasi ya A4 inakuwa na pikseli 1240 kwa 1754, zinazotosha mwandiko wa kalamu. Kwa kurasa za kijivu tegemea kati ya KB 200 na 400 kila moja, kutegemea wino ulivyojaa. Michoro yenye mistari myembamba ipe nukta 300, na kama bado ni kubwa, ugawe kazi kwenye mafaili mawili pale mfumo unaporuhusu zaidi ya moja. Kikomo cha nginx kinahesabu ombi moja moja, na mifumo mingi inapakia kila faili kwa ombi lake, hivyo mafaili mawili ya MB 15 yanapita pale ambapo moja la MB 30 linagoma.

Angalizo moja: usizipe jina jipya picha ukadhani umezibadilisha. Picha ya HEIC kutoka iPhone ikiitwa `mtihani.pdf` inabaki HEIC. Mfumo unaweza kuipokea, mhadhiri akashindwa kuifungua.

---

Mwl_Changanyikeni

Nimesoma uzi huu kama mtu ninayetunga mitihani ya namna hii. Jambo la kupakia ukurasa mmoja kama jaribio linanitia wasiwasi, na ningependa wanafunzi wanielewe. Kwenye mfumo wetu mtihani mwingine umewekwa upokee kabidhi moja tu. Ukituma ukurasa wa kwanza kama jaribio na mfumo ukaufunga, umekabidhi ukurasa mmoja. Mwanafunzi huyu alisoma maelezo kwanza, hilo nampongeza. Atakayenakili hatua yake bila kusoma ataumia.

---

Kijana_Ubungo

Shikamoo mwalimu. Hapo sasa, si bora angepunguza faili moja kwa moja bila kujaribu? Angeokoa dakika.

---

Mwl_Changanyikeni

Marahaba kijana. Kwa kisa hiki ndiyo, angefika mapema kidogo. Lakini wakati ule ukurasa ulikuwa unamwambia MB 50. Asingekuwa na sababu ya kushuku ukubwa kuliko, kwa mfano, faili kuharibika wakati wa kuunganishwa.

---

PwaniSeva

Mwalimu, naheshimu angalizo lako ila kwa hili nasimama na Kijana_Ubungo. Faili dogo lenye kurasa zote lingekuwa jaribio na kazi halisi kwa wakati mmoja. Kama lingepita, amemaliza. Kama lingegoma, angejua ukubwa si tatizo, maarifa yaleyale. Na hatari ya kukabidhi ukurasa mmoja isingekuwepo kabisa.

---

Mwambao_Tech

Nilimuuliza kuhusu hilo. Alisema kutoa PDF upya kwa simu yake kulichukua zaidi ya dakika moja na hakujua kama kungefanikiwa, wakati ukurasa mmoja ulikuwa tayari sekunde hiyohiyo. Alitaka kujua kwanza kama njia iko wazi. Mimi naona hoja zote mbili zina uzito, inategemea umebakiwa na dakika ngapi na mfumo unaruhusu kubadilisha au la.

---

Mkazi_wa_Sinza

Tuseme angeshindwa kabisa, saa 11:58 imefika. Nimesikia ukimtumia mhadhiri faili kwa barua pepe kabla ya muda umejikinga. Ni kweli?

---

Fundi_Kinondoni

Kama ushahidi kwamba kazi ilikuwapo, inasaidia. Barua pepe ya MB 38.5 haiendi, Gmail inaishia MB 25. Ila huhitaji kutuma faili. Tuma alama yake ya SHA-256, herufi na tarakimu 64 tu, ambazo zinabadilika kabisa ukigusa hata nukta moja ya faili. Kwenye Windows:

```
certutil -hashfile mtihani.pdf SHA256
```

Kwenye Linux ni `sha256sum mtihani.pdf`. Ukituma alama hiyo saa 11:58 pamoja na picha ya skrini ya hitilafu, kisha ukawasilisha faili kesho, yeyote anaweza kulipima na kuona halijaguswa tangu jana. Baada ya hapo usilifungue na kulihifadhi upya, maana alama itabadilika.

---

Mwl_Changanyikeni

Inathibitisha kwamba faili ni lilelile. Haithibitishi kwamba kanuni zinaruhusu nilipokee. Kwenye chuo kimoja hilo linaamuliwa na mhadhiri, kwingine na kamati ya mitihani, na nimeona kesi mbili zinazofanana zikiamuliwa tofauti. Mwanafunzi aliye na dakika 2 aitume, haina hasara, ila asiache kuendelea kupakia.

Jambo jingine ambalo wengi hawalioni: kwenye mfumo wa masomo wa Moodle kuna tarehe ya kukabidhi na kuna tarehe ya kufungwa, ni vitu viwili. Ya kwanza ikipita mfumo bado unapokea, ila unaandika kwamba umechelewa. Ya pili ikipita, mlango umefungwa. Mtihani wangu huwa na dakika 15 kati ya hizo mbili. Mwenzangu wa ofisi ya pili anaziweka dakika moja.

---

Mchoraji_Kigamboni

Na muda unahesabiwa nilipoanza kupakia au ulipomalizika? Nikianza saa 11:59 na faili likafika saa 12 na dakika 2?

---

PwaniSeva

Kwa mifumo mingi niliyoiona, unahesabiwa wakati ombi limefika lote na mfumo ukaandika kwenye hifadhidata yake, tena kwa saa ya seva, si ya simu yako. Kwenye Moodle kupakia faili kwanza kunaliweka kwenye eneo la muda, halafu kuhifadhi ni hatua nyingine, na pale mwalimu alipotaka uthibitisho, kukabidhi ni hatua ya tatu. Waliopakia saa 11:57 na wakasahau hiyo ya tatu wapo wengi, faili lao linakaa rasimu.

Kwa hiyo piga hesabu kurudi nyuma: ukubwa kwa MB zidisha kwa 8, gawa kwa kasi yako ya kupandisha kwa megabiti. MB 4 kwa megabiti 1 ni sekunde 32. Ongeza dakika 2 za kubonyeza na kukagua. Na pimeni kasi ya kupandisha, si ya kushusha. Ile namba kubwa mnayoona kwenye vipimo ni ya kushusha.

---

Kijana_Ubungo

Mwambao, chuo kikishapandisha hicho kikomo cha mbele hadi 60, PHP wameiangalia? Maana kwa maelezo ya Fundi, wasipoigusa, faili la MB 40 litafika asilimia 100 halafu ukurasa mweupe, na hilo ni baya kuliko la kwanza.

---

Mwambao_Tech

Swali zuri, nimelipeleka. Nimewaomba wajaribu kwa faili halisi la MB 49 kutoka kwenye simu iliyo nje ya mtandao wa chuo, maana ukijaribu ukiwa ndani unaweza kuipita seva ya mbele bila kujua. Linatengenezwa kwa amri moja:

```
head -c 49M /dev/urandom > jaribio.pdf
```

Si PDF ya kweli, haifunguki, ila kwa kupima milango inatosha, mradi mfumo haukagui kilichomo ndani. Wakinijibu nitaweka hapa.